Msimulizi Ndiye Anayekula Dakika Zako

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Bahi. Hadithi ya Sungura aliyeiba maji ya kisima, ile ya bibi, nimeigeuza igizo la tamasha la shule. Tumepewa dakika 10. Nina maonyesho saba na msimulizi mmoja, na mazoezini tunafika dakika 18. Nipunguze wapi? Kuna bwana mjini anasema nimlipe aninyooshee. Nikubali?

Jibu: Mwalimu, mfute msimulizi. Usimpunguzie maneno, mfute kabisa.

Kila tamasha likikaribia naletewa madaftari ya namna hii. Msimulizi kasimama pembeni na karatasi yake, anasoma, "Wanyama wakachimba, wakachimba, mwishowe wakapata maji," na nyuma yake watoto wanainua na kushusha majembe ya hewani. Watazamaji wanaambiwa jambo lilelile mara mbili, kwa sikio kisha kwa jicho. Halafu mwalimu analalamika kuwa dakika 10 hazitoshi! Zinatosha sana, ila hazitoshi kuigiza hadithi nzima tangu "hapo zamani za kale". Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanadhani kuiheshimu hadithi ni kuonyesha kila tukio kwa mpangilio wake. Bibi anaweza kuhama kutoka mbugani hadi mtoni kwa neno "akaenda", kwa kuwa anatumia mdomo tu. Wewe kila ukihama, watoto watoke, wengine waingie, dawati lisogezwe. Nusu dakika imekwenda. Maonyesho saba yana mapengo sita, kwa hiyo dakika tatu watu wanatazama madawati.

Chagua mahali pamoja na usiku mmoja. Katika hadithi yako mahali penyewe panajulikana: kisimani. Na usiku ni ule wa mwisho, maji yakiwa yameshaibwa mara mbili. Ukame, mkutano wa wanyama, uchimbaji, Sungura kukataa kushika jembe, vyote viwe vimeshapita. Mtazamaji wa Dodoma hahitaji kuelezwa kiangazi ni nini, wala foleni ya ndoo.

Utauliza: sasa watajuaje kuwa Sungura hakuchimba? Watajua kwa kiganja. Tuseme sharti la kisima ni hili: anayetaka maji aonyeshe malengelenge ya jembe. Anza hivi:

KOBE: (anatumbukiza kijiti kisimani, anakipima kwa vidole) Jana yalifika hapa. Leo hapa.
FISI: Mimi sikulala.
KOBE: Basi yamejinywa.
(Sungura anaingia na kibuyu.)
SUNGURA: Shikamooni, wazee wangu. Naomba funda moja tu.
FISI: Kiganja!
(Sungura anaficha mikono nyuma.)

Mistari michache, na mambo ambayo msimulizi wako anayasema kwa ukurasa mzima yameshaeleweka. Tena sasa kuna mtu anayetaka kitu na mtu anayemzuia. Pasipo hilo huna igizo, una maelezo yaliyovalishwa maleba.

Kobe akienda zake kulala (ndivyo anavyosema), Sungura anabaki na Fisi. Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Kibuyu kina asali. Fisi anataka kulamba, Sungura anasema asali hii ni tamu mno, aliyeionja bila kufungwa mikono huanguka akajiumiza. Usikimbize. Fisi akatae, anuse, ageuke, arudi, kisha yeye mwenyewe alete kamba. Walimu wengi hubana sehemu hii ili wawahi mwisho, na ndiyo pekee watoto wa safu ya mbele watakayoigiza wenyewe kesho yake.

Fisi akishafungwa, Sungura anainama kunywa na mkono unanasa. Kobe alikuwa majini muda wote, gamba lake limepakwa ulimbo. Usitafute gundi wala tope. Kobe avae ungo mgongoni, Sungura aweke kiganja juu yake, na kuanzia hapo asikiondoe. Mtoto akikumbuka kuvuta kwa bega huku kiganja kikibaki palepale, ukumbi mzima utaamini kimenasa. Na kinachonasa ni kile kiganja kilaini alichokificha mwanzoni.

Kisima chenyewe kiwe watoto. Kumi na mbili hivi wakae duara wakitazama nje, ndio wanyama waliochimba, ndio ukuta wa kisima, na ndio waimbaji. Kobe anajificha katikati yao.

Nimetaja waimbaji kwa makusudi. Daftari zikipunguzwa, cha kwanza kukatwa huwa wimbo wa hadithi, eti unakula muda, na msimulizi anabaki. Kata kinyume chake. Muulize bibi wanyama waliimba nini kisimani, uimbwe kwa Kigogo chake vilevile, beti moja na kiitikio, mara mbili tu: Sungura anapoingia, na mkono unaponasa.

Kuhusu mwisho, yako ina kesi, hukumu na Sungura kutoroka kwa hila nyingine. Hiyo ni hadithi ya pili, iache. Wanyama waamke, wamkute Sungura kanasa na Fisi kafungwa, mdomo unanata asali. Fisi ana sababu ya kutaka Sungura aondoke kabla hajafungua mdomo. Acha yeye ndiye apaaze sauti, "Mtupeni mbali, upesi!" Watazamaji watajua kwa nini, wanyama hawatajua. Igizo liishie hapo.

Lenga dakika 8 darasani. Kicheko, makofi na woga wa jukwaa vitakula zilizobaki. Na uliza mapema saa inaanza kuhesabiwa lini, mtoto wa kwanza akiingia au neno la kwanza likisemwa.

Sasa huyo bwana wa mjini. Nimeona kazi za wanyooshaji wengi, na nikiisoma moja nimezisoma zote. Hadithi inakatwa nusu, anaingizwa mlevi wa kuchekesha asiyehusika, kisha mwishoni watoto wote wanajipanga mstari mmoja na kutamka "Ndugu watazamaji, tumejifunza kuwa uvivu ni mbaya". Baadhi yao wanauza andiko lilelile kwa shule tatu, wamebadilisha wanyama tu, na shule hizo zinakutana jukwaa moja siku moja. Ule mstari wa mwisho ni mabaki ya ngonjera. Ngonjera ni fani ya heshima. Aliyeifanya ivume miaka ya 1960 ni Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma hii hii. Lakini ngonjera ni malumbano ya kishairi, mtoto anatazama watu na kughani. Katika igizo Sungura anamtazama Fisi. Ukichanganya hivyo viwili, watoto wataongea na ukuta wa nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna mnyooshaji atakayekurekebishia hilo kwa kukutumia karatasi kwenye simu.

Akikusisitiza, muulize kabla hujatoa shilingi: katika andiko lake Fisi anataka nini na nani anamzuia? Akianza kukueleza ujumbe, hela yako nunulia ungo na kibuyu.