Sheki ya tarehe ya mbele: benki haisomi tarehe yako jinsi unavyoisoma wewe

Wiki hii dada mmoja wa Likasi ameniandikia: "Mama, nimemwachia mwenye nyumba sheki yenye tarehe ya mwisho wa mwezi ujao. Je, anaweza kwenda nayo benki leo?" Anaweza, dada yangu. Na akienda, kuna uwezekano mkubwa alipwe. Ninalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu mimi nina duka la karo na rangi hapa Lubumbashi, na jambo hilo lilinifikia kupitia mzee niliyekuwa ninamheshimu kama baba.

Nieleze kwanza sheria, maana wengi wetu tumeisikia vibaya. Huku kwetu Kongo sheki ina sheria yake yenyewe. Sheki inalipwa pale inapoonyeshwa benki. Ukiandika juu yake kwamba ilipwe baadaye, maneno hayo yanahesabika kama hayapo, na ikiletwa gishe kabla ya tarehe iliyoandikwa, inalipwa siku hiyohiyo iliyoletwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyomo katika mkataba wa Geneva wa 1931, ambao nchi nyingi zinazotumia Kifaransa zimeufuata. Kwa hiyo ile tarehe ya mbele ni mapatano kati yako na mtu uliyempa karatasi. Benki haimo katika mapatano hayo.

Kinachotuchanganya sisi watu wa Katanga ni mpaka. Ndugu zetu wanaovuka Kasumbalesa kwenda kununua bidhaa Zambia wanarudi na desturi ya kule, na wengine wanatazama video za wafanyabiashara wa Nairobi. Sheria za huko zimetoka kwa Waingereza. Huko benki ikilipa sheki kabla ya tarehe yake, inabeba hatari yenyewe, na mteja anaweza kuidai. Mtu anarudi Lubumbashi na mawazo hayo, anaandika sheki, analala usingizi mzito.

Mimi sikulala kwa sababu ya tarehe. Nililala kwa sababu ya neno la mzee. Nilikuwa nimenunua kwake karo za dola 4.200. Alitaka dhamana, nikampa sheki tarehe 6 Juni, nikaandika juu yake 30 Juni. Tulikubaliana mbele ya kijana wake kwamba haitagusa benki kabla ya siku hiyo. Kwenye konti yangu kulikuwa na dola 4.350. Nilijua mwenye lori angechukua 900 zake kwa sheki nyingine, zingebaki 3.450, na zile 750 zilizopungua zingetoka kwa wateja wangu kabla ya mwezi kwisha. Hesabu ilikuwa safi.

Tarehe 12 mzee akapeleka sheki yangu katika benki yake, ambayo si benki yangu. Hapo njia inakwenda hivi. Anasaini nyuma ya sheki na kuiweka kwenye konti yake. Benki yake inaipeleka kwenye kompasasyo, yaani pale benki zinapobadilishana sheki na kulipana tofauti. Kisha benki yangu inatazama sahihi, namba, kiasi, na kama kuna provizyo, maana yake pesa za kutosha. Vyote vikiwa sawa, konti yangu inakatwa. Kama tungekuwa na benki moja, mambo yangekwisha palepale gishe. Katika njia yote hiyo hakuna mtu mwenye kazi ya kunipigia simu kuuliza, "Mama, mbona hii ni ya tarehe 30?" Kuna mhudumu anayeweza kusita na kuirudisha, nimeshasikia hivyo, lakini usijenge nyumba juu ya kusita kwa mhudumu.

Mwenye lori naye alitembea na sheki yake mfukoni kabla ya kuiweka. Alipoiweka, ikakuta konti ina dola 150. Ikarudi. Hivi ndivyo releve yangu, ile karatasi ya benki inayoonyesha pesa zilizoingia na kutoka, ilivyosomeka:

```
13/06 CHQ 0031847         DEBIT 4.200,00
16/06 REJET CHQ 0031849   PROVISION INSUFFISANTE
16/06 FRAIS REJET CHQ     DEBIT
```

Itazameni vizuri. Jina la mzee halipo. Tarehe 30 Juni haipo popote. Kuna namba ya sheki, kiasi, na siku ambayo benki ilikata. Ndiyo maana ile sehemu ndogo inayobaki kwenye kitabu cha sheki lazima ijazwe: namba hii nilimpa nani, kiasi gani, kwa siku gani. Bila hiyo ungetazama 0031847 na kuanza kuhesabu watu vidoleni. Releve nyingi zina pia safu ya pili ya tarehe, `DATE VALEUR`, siku ambayo benki inaanza kuhesabu faida au riba. Kwa pesa zinazotoka, siku hiyo inaweza kutangulia siku ya operesheni. Ukiona tarehe mbili tofauti kwenye mstari mmoja, usidhani umekatwa mara mbili.

Angalia pia kwamba sheki iliyonitia aibu si ile ya tarehe ya mbele. Hiyo ililipwa bila kelele. Iliyorudi ni ile halali ya mwenye lori, ambaye hakunikosea lolote. Na kwetu kutoa sheki isiyo na provizyo si deni la kawaida tu; ni kosa la jinai, mtu anaweza kukupeleka parke, na kuna kifungo na faini. Huyo mwenye lori angekuwa mtu wa hasira, ningekuwa ninajieleza mbele ya mwendesha mashtaka kwa sababu ya haraka ya mtu mwingine. Nilimpigia siku hiyohiyo, nikatia kwenye konti zile 750 zilizopungua pamoja na gharama ya benki, akaiweka tena sheki yake, ikapita. Sikukimbia simu yake. Wapo wanaozima simu, na ndio hao wanaokutana parke.

Kwa mzee nilikwenda mwenyewe. Akaniambia, "Mama, usikasirike. Nilikuwa na lazima ya makuta, na banki yenyewe njo imenilipa." Nikamjibu, "Papa, benki haikukupa neno lake. Wewe ndiye uliyenipa lako." Alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa swali la pili la dada wa Likasi, na hapa ndipo watu wanapojiharibia: sheki ya namna hiyo inasimamishwaje? Chombo chake kinaitwa opozisyo. Unaandikia benki barua yenye namba ya konti, namba ya sheki, kiasi, jina la uliyempa, tarehe iliyoandikwa, na sababu. Unaipeleka mwenyewe, na nakala yako inapigwa muhuri wenye siku na, ukiweza, saa. Simu haitoshi, na ujumbe wa Watsapu kwa mhudumu unayemfahamu hautoshi. Saa ina maana kwa sababu opozisyo inayofika baada ya sheki kulipwa haifufui kitu. Ndiyo maana mimi nisingeweza kusimamisha ya mzee hata kidogo. Nilipoiona kwenye releve, pesa zilikuwa zimekwishaondoka.

Lakini sababu ndiyo mlango. Sheki imepotea, imeibwa: hapo benki inakusikiliza, na karatasi ya polisi ya kueleza upotevu inakupa nguvu. "Tumegombana", "karo zake zimevunjika", "nimebadili mawazo": hizo si sababu za kusimamisha sheki ambayo muda wake wa kuonyeshwa bado haujapita. Ugomvi wa biashara una mahali pake, nako ni kwa hakimu wa biashara. Kusema uongo kwamba sheki imeibwa wakati ulimpa mtu kwa mkono wako ni kujichimbia shimo jingine. Na kuna ujanja mbaya kuliko huo, ule wa kukomba konti ili sheki ikute patupu. Nimewasikia akina mama wenzangu sokoni wakishauriana hivyo. Jamani! Unatoka kwenye deni unaingia kwenye jinai, tena kwa miguu yako.

Katika hali ya dada yangu kuna njia iliyo rahisi kuliko opozisyo. Ameniambia kwamba sehemu ya kodi amekwishailipa kwa M-Pesa. Basi ile sheki ya kiasi kizima isibaki kwa mwenye nyumba hata usiku mmoja. Amwambie kwa heshima: "Papa, nipe karatasi yangu, nikuandikie nyingine ya kilichobaki." Achukue ile ya asili, si picha, aikate pembe iliyo na sahihi na kuibandika kitabuni kwenye namba yake. Mwenye nyumba akijibu kwamba haioni, amwombe aandike na kusaini kwamba imepotea na kwamba kiasi fulani amekwisha kupokea. Karatasi hiyo ndiyo itakayoifanya opozisyo yake iwe ya kweli.

Na kama ni lazima kabisa uandike sheki, ipige mistari miwili sambamba usoni. Sheki hiyo hailipwi kwa pesa mkononi kwa mtu yeyote aliyeingia kutoka barabarani. Inapitia benki, kwa mteja anayejulikana, kwa hiyo inaacha alama. Mistari haizuii kuonyeshwa mapema, lakini unajua ilikopita. Halafu, tangu dakika ile unayoitoa, zihesabu pesa hizo kama zimekwisha kutoka. Mimi daftari langu sasa lina safu mbili: salio linalosemwa na benki, na salio baada ya kutoa sheki zote zilizo mikononi mwa watu. Tarehe 6 Juni safu ya pili ingesema 150 kabla hata ya kufika kwa mwenye lori, na 900 zake ningezilipa kwa njia nyingine.

Mzee yule bado ananiuzia karo, kwa sababu karo zake ni nzuri na mimi si mtu wa kununa milele. Aliponiomba tena sheki ya dhamana nilikataa. Nilimtolea hati ya ahadi ya kulipa, ile biye a ordri, ambayo sheria yenyewe inairuhusu iwe na siku ya kulipwa: kabla ya siku hiyo hawezi kudai chochote, na ikipita bila malipo ana karatasi ya kunishtaki nayo. Aliigeuza mara mbili, akauliza kwa nini haina nembo ya benki. Nikamwambia asome mstari wa tarehe. Tukasaini wote wawili, kijana wake akiwa shahidi, na lori likapakiwa.