Bango la mita 3, picha iwe na pikseli ngapi

"Nimefuta boda mbele ya picha ya duka, napeleka kwa wachapaji wa Nasser Road Kampala wanitolee bango la mita 3, pikseli ngapi ndo pale nilipofuta pasionekane?"

Ndugu lenga kama 6,000 kwa upana, hizo ni kama 50 kwa inchi na mtu wa ng'ambo ya barabara zinamtosha, zile 300 kwa inchi ambazo watu husema ni za kadi. Ila angalia sana kiraka ambacho apu inajazia pale ulipofuta, apu nyingi zinakitengeneza kidogo, tuseme pikseli 1,000, halafu zinakivuta, sasa kama boda ilichukua 2,000 hapo patakuwa na ukungu wakati ukuta wa pembeni uko wazi. Futa kwa vipande vidogo, ukuze asilimia 100 ulinganishe. Picha ya WhatsApp iache, ikiwa 1,600 kila pikseli itakuwa karibu milimita 2.