Tarehe ya kuzaliwa: kamusi elezo, wasifu wa mtafiti au kitabu cha kumbukumbu?

*"Niko Bukavu, ninaandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya Frederick Douglass. Yeye mwenyewe alisema alizaliwa 1817, kamusi elezo inasema 1818. Nimwamini nani?"*

Dada, andika Februari 1818, lakini usitegemee kamusi elezo peke yake. Haikugundua chochote, inarudisha tu kwa ufupi yale wengine waliyochimba.

Douglass, mpinga utumwa maarufu wa Marekani, alizaliwa utumwani katika jimbo la Marylandi, na watumwa wengi hawakuambiwa tarehe zao za kuzaliwa. Katika kitabu chake cha 1845 anakiri kwamba hajui umri wake. Alimsikia bwana wake mwaka 1835 akisema ana miaka kama 17, akahesabu kutoka hapo. Hesabu hiyo inaleta 1817 au 1818, kwa hiyo 1817 ni makadirio yake tu. Ni kama bibi zetu wa Kadutu walioandikishwa "yapata mwaka fulani".

Mwandishi wa wasifu, Dickson Preston, alirudi kwenye daftari la Aaron Anthony, bwana wa kwanza. Humo watumwa waliorodheshwa kama mali, na Frederick Augustus, mtoto wa Harriet, ameandikwa Februari 1818. Mwenye daftari hakuwa na sababu ya kudanganya umri wa mtoto. Wasifu wowote utakaoushika, angalia tanbihi: kama tarehe haina hati nyuma yake, ina uzito uleule wa kamusi elezo.

Ila kitabu chake usikiweke kando. Anasimulia kwamba mama yake alimjia usiku tu, akajilaza kando yake hadi apate usingizi, na alfajiri alikuwa ameshaondoka. Alimwona mara nne au tano maishani. Hilo halimo katika daftari lolote. Ukilinukuu, andika "Douglass anakumbuka".