Storibodi ya zaka ya fitri

"Natengeneza video ya zaka ya fitri mtaani kwetu. Nichore vipi shoti ili wapokeaji wasidhalilike?"

Ndugu yangu, kamera iwafuate watoaji. Anza na mkono ukichota mchele kwa kibaba: vibaba vinne ni pishi moja, kiasi cha kila mtu wa nyumba. Punje zikiangukia mfukoni zisikike kabla ya maneno yoyote. Kisha giza la alfajiri, maana fitri hutolewa kabla ya swala ya Idi. Kijana anaweka mfuko kizingitini, anabisha hodi. Komeo likilia, kata. Hapa ndipo wengi huharibu, wakimsubiri mama afungue, ashukuru, alie. Sufuria ya wali ya kufungia video ipigwe jikoni kwako, si kwake.