Barua kwa Atupele: Uliza nani anasaini

"Mama, tangu wabadilishe muundo hapa kazini sijui hata bosi wangu ni nani. Hakuna aliyenieleza chochote. Kwenye mikutano napitwa tu, kazi zangu nyingine naziona kwa watu wengine. Hivi wameniona sifai?"

Atupele mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nilimsomea baba yako jana jioni, akaanza kugomba na hao mabosi wako kana kwamba wamekaa sebuleni kwetu. Nimemwachia redio yake nikaja jikoni kukuandikia, maana yeye akishika kalamu utaacha kazi kesho asubuhi.

Kama wamekuona unafaa au hufai, mimi niliye huku Tukuyu siwezi kujua, na huenda hata wao hawajakaa wakalifikiria. Mimi nataka kujua kitu kingine. Fomu yako ya likizo sasa anasaini nani? Masurufu ya safari ya kwenda Mafinga anaidhinisha nani? Na mwisho wa mwaka, ile karatasi ya tathmini, nani ataijaza? Hujaniambia hata kimoja. Umeniambia ulivyojisikia mkutanoni, nami nimekuelewa sana, lakini mkutano hausainiwi. Anayesaini karatasi hizo tatu ndiye bosi wako, hata kama kwenye chati mshale unaelekea kwa mwingine. Nimelisema hili toka mnasoma msingi na mkanicheka: uliza nani anasaini.

Ile stoo ya kiwandani unaikumbuka, ulikuwa unalala juu ya magunia matupu ukinisubiri. Usichokumbuka, kwa sababu ulikuwa mdogo, ni mwaka walioleta muundo mpya. Ilikuwa ile miaka ya tisini, mashirika ya umma yanauzwa na kugawanywa, na kila mwezi anakuja mgeni na kalamu nyekundu. Mimi nilikuwa mtunza stoo chini ya mhasibu. Siku moja nikapeleka fomu ya likizo, ikarudi haina saini. Mhasibu ameandika kwa penseli pembeni: "Siyo kwangu tena." Basi. Nikaenda utumishi, wakanituma kwa meneja wa uzalishaji, naye akaniuliza mimi ni wa idara gani. Nilikuwa nimempa beringi za mashine yake wiki hiyo hiyo!

Baadaye chati ikabandikwa ubaoni karibu na mlango wa kantini. Visanduku vingi, mistari imenyooka. Kulikuwa na kisanduku cha "Ununuzi na Ugavi" chenye jina la yule kijana mnunuzi, na chini yake hakuna kitu. Stoo haikuandikwa, na mimi sikuandikwa. Watu wanasoma, wananitazama, wanaondoka kwenda kunywa chai.

Baba yako mpaka leo anasema ilikuwa makusudi. Mimi nasema hapana, aliyechora alikuwa anachora vyeo, hakuchora kazi. Watu wa namna hiyo wanaanza na wanaolipwa mshahara mkubwa, wanashuka, na wakifika kwenye ngazi ya watu wanaopokea mali na kujaza leja, karatasi imeisha. Lakini usiku nikilala huwa najiuliza, mbona walipata nafasi ya kumwandika mlinzi wa geti? Baba yako asijue kwamba nimeandika hivyo.

Sasa sikiliza jambo lenyewe, kwa sababu hapo ndipo nilipojua la kufanya. Anayenunua mali hatakiwi awe mkubwa wa anayepokea mali. Hilo ni la kwanza kabisa katika utunzaji wa stoo. Mnunuzi anaagiza, stoo inapokea na kuhesabu, mhasibu analinganisha oda, hati ya kupokelea na ankara, halafu ndiyo analipa. Ukimweka mtunza stoo chini ya mnunuzi, ujue umemwambia mnunuzi ajihesabie mwenyewe. Na wao, kwa kuuweka ugavi, ambao stoo imo ndani yake, kwenye kisanduku cha mnunuzi, walikuwa wamefanya hivyo hivyo. Wala sidhani kuna aliyeliona.

Haikupita muda likaja lori la kuni za boila. Hati ya msambazaji inasema mita za ujazo 30. Milingoti imepangwa vizuri tu uwanjani, ukisimama mwanzo wa rundo unaona ukuta. Nikachukua futi kamba. Urefu wa rundo mita 10, urefu wa gogo mita 1.2, hapo hakuna ubishi. Kimo ndicho kilichokuwa na maneno. Dereva alikuwa amepima upande wa mbele, palipofika mita 2.5, na kweli ukizidisha unapata 30. Lakini nilipozunguka nyuma kimo kilikuwa kimeshuka mpaka mita 1.5, rundo zima limeteremka kidogo kidogo. Wastani mita 2. Kumi mara mbili mara moja nukta mbili ni 24. Mita sita hazipo, na kampuni ilikuwa inataka kulipia.

Nikaandika kwenye hati ya kupokelea: zilizoletwa kwa maandishi 30, zilizopokelewa 24, nikasaini. Yule kijana akaja mwenyewe stoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniambia, "Mama, andika 30, tutaongea nao wafidie safari ijayo." Nikamjibu kwamba safari ijayo itakuwa na hati yake. Akaondoka hana raha, na mimi nikabaki na nakala tatu mkononi. Moja ya msambazaji. Moja ya stoo. Ya tatu zamani ilikuwa inakwenda kwa mhasibu. Kwa muundo mpya ilitakiwa iende kwa mkubwa wangu, yaani kwa huyo huyo aliyetoka mlangoni.

Ningeweza kwenda kwa meneja mkuu nikalia. Nilikuwa na ya kulilia, Mungu anajua. Badala yake nikamwandikia mistari miwili: kuna hati ya kuni yenye tofauti ya mita 6, malipo yake yanafanyika Ijumaa, naomba maelekezo nakala ya mhasibu ipelekwe kwa nani. Sikuandika habari za chati, kantini wala likizo. Karatasi ikarudi siku ya pili, juu yake ameandika kwa wino wa bluu: "Kwa mhasibu, kama zamani." Na nakala kwa mnunuzi, mwanangu! Nilitembea nayo mpaka uhasibu taratibu, makusudi, nikipita katikati ya ofisi.

Usidhani mambo yalinyooka. Kwa mengine yote niliendelea kuwa chini ya yule kijana, na nimestaafu pale bila mtu kuniambia kwa nini. Mwaka huo huo walihesabu stoo bila kuniweka kwenye kamati, wakaja na ufunguo wao, mimi nimekaa nje kwenye benchi kama mgeni. Hiyo bado inaniuma kuliko chati. Ila tangu siku ya kuni hakuna aliyeniuliza tena mimi ni wa idara gani.

Kwa hiyo na wewe tafuta karatasi yako ambayo haina pa kwenda. Lazima ipo. Umesema ripoti ya ghala la Mafinga ulikuwa unampelekea meneja wa kanda, na sasa yuko Dar mtu mwingine. Mwandikie bosi wako wa zamani na yule wa utumishi kwa pamoja, kwa barua pepe, maneno machache: ripoti ya mwezi huu inatoka tarehe fulani, niipeleke kwa nani, na likizo yangu ya Desemba itasainiwa na nani. Weka tarehe, kwa sababu swali lisilo na tarehe linakaa. Usiweke "kwa nini" hata moja. Ukiuliza kwa nini, watakuita mkae mzungumze, na mkizungumza hakuna kitakachobaki kimeandikwa.

Majibu yake yatakuonyesha mengi kuliko nyuso za mkutanoni. Kama wamekusahau tu, utaona hata wao wanaulizana, na wenzako wawili watatu watakuwa na tatizo hilo hilo. Kama wanakusogeza pembeni, jibu litakuja haraka na safi: ripoti inakwenda kwa fulani, na huyo fulani tayari anafanya sehemu ya kazi yako. Kuna na hali ya tatu, ambayo mimi naiogopa zaidi: likizo anasaini mtu wa Mbeya anayekuona kila siku, tathmini anajaza mtu wa Dar ambaye hajawahi kukuona ukipakua mbegu. Ikiwa hivyo, muombe huyo wa Dar sasa hivi, kwa maandishi, malengo atakayokupimia. Usisubiri Desemba.

Nilimpigia pia mjomba wako wa Uyole, unajua alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Anasema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na mojawapo ni maelezo ya kazi yako. Yakibadilika, anatakiwa ashauriane nawe na akujulishe kwa maandishi. Lakini akasisitiza kwamba bosi kubadilika peke yake hakumo kwenye orodha hiyo. Kama kazi ni ile ile na mkubwa ndiye mpya, sheria haikusaidii sana. Kama kazi zenyewe zimehamishwa, hapo una la kuuliza. Akasema tena usiandike barua ya kujiuzulu kwa hasira, maana ukishaiandika, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwamba walikufanyia kazi isivumilike, na siku za kulalamikia kuachishwa kazi ni 30 tu.

Unataka niseme wamekuona hufai au la. Sisemi. Baba yako ameshasema, na mimi nikikumbuka lile benchi nakaribia kukubaliana naye, halafu nakumbuka nao wino wa bluu. Nitasema ukishaleta majibu yao, si kabla.

Barua yako ya ajira uliyoniachia mlipohama ile nyumba ya Mwanjelwa nimeipata kwenye bahasha ya kaki, juu ya kabati. Lusajo anashuka Mbeya Jumamosi, atakuletea pamoja na ndizi. Maelezo ya kazi yako yako ukurasa wa pili. Yasome, weka alama kwa zile ambazo sasa anazifanya mwingine, ndipo uwaandikie.

Mama yako