Mteja akifika na samansi: uliza majina kwanza, kisha tarehe

Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika ofisi ya mawakili hapa Dodoma. Mteja mwenye hofu huanza kusimulia kesi yake kabla hajakaa, mbele ya wateja wengine, na nawashauri wenzangu wa mapokezi wamzuie kwa upole.

Mama mmoja kutoka Kibaigwa alifika akiwa ameishika samansi kwa mikono miwili, akaanza kunieleza habari za mahindi aliyouziwa kwa mkopo. Nilimwamkia, nikampa kiti na maji, kisha nikamwambia: "Mama, kabla hujanieleza lolote, nitajie jina lako na la aliyekushtaki. Nikishahakikisha kwamba yeye si mteja wetu, utamweleza wakili yote, mlango ukiwa umefungwa." Sababu ni kwamba wakili hawezi kusimama pande mbili za shauri moja. Tukisikia siri za mama huyu kisha tukagundua kwamba mdai wake tayari ni mteja wetu, huenda wakili akalazimika kujitoa kwa wote wawili. Kwa hiyo natafuta majina yote mawili kwenye rejesta, pamoja na jina la kampuni au la biashara kama lipo, kwa kuwa mtu anaweza kuwa amesajiliwa kwetu kwa jina la duka lake.

Swali la pili ni siku aliyokabidhiwa samansi. Mama alinionyesha tarehe 8 Aprili, ambayo ndiyo siku ya kufika mahakamani, akaamini kwamba muda bado upo. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwani katika shauri la madai la namna hiyo katika Mahakama ya Wilaya, mdaiwa hutakiwa kuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya siku 21 tangu alipopokea samansi. Yeye alisaini kuipokea tarehe 3 Machi, kwa hiyo mwisho ulikuwa tarehe 24, na siku aliyofika kwetu ilikuwa tarehe 19. Niliiandika tarehe ya kupokea juu ya jalada kwa wino mwekundu, nikamwarifu wakili papo hapo badala ya kumpangia mama miadi ya wiki iliyofuata.

Aliniuliza kama atafungwa. Swali hilo si letu kulijibu, hata tukidhani kwamba tunalijua jibu, maana neno la mapokezi mteja hulichukua kama neno la wakili. Nilimwambia kwamba nimeliandika liwe la kwanza kuulizwa, nikamhakikishia kwamba sheria ya ushahidi inayomfunga wakili kutunza siri zake inatufunga na sisi watumishi wa ofisi. Hapo mabega yake yalishuka kidogo.

Kilichobaki kilikuwa chepesi: nilimtajia ada ya ushauri kabla hajaingia, nikatoa nakala ya samansi na ya hati ya madai, nikamrudishia nakala zake halisi mkononi.