Padre aliyesalimisha Maandiko yachomwe: je, ubatizo alioutoa ulikuwa halali?

Swali: Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye jumuiya yetu tulifundishwa kwamba wakati wa dhuluma ya Warumi baadhi ya maaskofu na mapadre waliogopa kufa, wakatoa vitabu vitakatifu vichomwe. Sasa waliobatizwa au kupewa daraja na watu hao baadaye, walipata sakramenti kweli au walimwagiwa maji tu? Na kwa nini Wakristo wengine waliamua kubatiza watu upya?

Jibu: Milele amina. Sakramenti zile zilikuwa halali. Mwenye kuzitoa alistahili kuvuliwa cheo, lakini waliozipokea hawakutakiwa kubatizwa wala kuwekewa mikono mara ya pili. Kanisa la Afrika ya Kaskazini liligawanyika kwa zaidi ya miaka 100 kwa sababu ya jambo hili, na huwezi kuelewa ugomvi wenyewe bila kuona kwanza kosa lilivyotendeka.

Tarehe 24 Februari 303 kaisari Dioklesiano alitoa amri kwamba makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Tarehe 19 Mei mwaka huohuo, katika mji wa Sirta (leo ni Konstantina, Algeria), msimamizi wa mji aliingia katika nyumba ambamo Wakristo walikuwa wakisali. Makarani waliandika kila kitu, na kumbukumbu yao tunayo hadi leo. Askofu Paulo alikuwa ameketi, mapadre nao wameketi, mashemasi wamesimama. Vitu vikatolewa kimoja kimoja na kuhesabiwa: kalisi 2 za dhahabu, kalisi 6 za fedha, taa, kanzu 82 za kike, jozi 47 za viatu vya kike. Bila shaka nguo zile zilikuwa za kugawiwa maskini. Makabati ya vitabu yalikutwa matupu, kwa sababu wasomaji walikuwa wamevipeleka majumbani kwao. Shemasi mdogo mmoja, Katulino, akatoa kitabu kimoja kikubwa tu.

Msimamizi akataka majina ya wasomaji. Katulino na mwenzake wakakataa: sisi si wasaliti, tupo hapa, amuru tuuawe. Wakakamatwa. Mtu yuleyule aliyekabidhi kitabu dakika chache kabla alikuwa tayari kufa kuliko kuwataja ndugu zake. Naileta habari hii kwa sababu tukisikia neno “wasaliti” tunawaza watu waliomkana Kristo kwa moyo mkunjufu, kumbe wengi walikuwa wametetemeka siku moja mbele ya askari. Kilatini kiliwaita kwa neno lenye maana ya “wenye kukabidhi”, nalo ndilo walilomwitia Yuda, hivyo tuhuma yenyewe ilikuwa nzito.

Dhuluma ilipokwisha, Karthago ilimpata askofu mpya, Sesiliani. Miongoni mwa waliomwekea mikono alikuwa Feliksi, askofu wa Aptunga, na watu wakasema kwamba Feliksi alikabidhi Maandiko. Maaskofu wapatao 70, wengi wao kutoka Numidia, walikutana Karthago, wakatangaza kwamba uaskofu wa Sesiliani ni batili, wakamweka Majorino badala yake. Majorino hakukaa sana, akafuatwa na Donato, ambaye kwa jina lake kundi lote likaitwa Wadonato.

Hoja yao usiidharau. Walisema: asiye nacho hawezi kutoa. Aliyekabidhi Maandiko amempoteza Roho Mtakatifu, basi atampaje mwingine Roho ambaye yeye mwenyewe hana? Aliyebatizwa naye hajabatizwa, na aliyepewa uaskofu naye si askofu, na wote waliobaki katika ushirika naye wamechafuka. Ndiyo maana Mkatoliki aliyehamia kwao walimbatiza upya. Tena walikuwa na mkubwa wa kumtaja: Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago na shahidi aliyeuawa mwaka 258, alikuwa amefundisha kwamba ubatizo uliotolewa na wazushi nje ya Kanisa si ubatizo, na maaskofu zaidi ya 80 wa Afrika walikubaliana naye mwaka 256. Roma haikuafiki, na Sipriani alikufa kabla jambo halijatatuliwa. Lakini yeye hakuvunja ushirika na waliompinga. Wadonato walichukua fundisho lake wakaacha uvumilivu wake.

Shauri lilisikilizwa Roma mwaka 313, Sesiliani akashinda, na Wadonato wakakata rufaa. Mwezi Agosti 314 maaskofu wakakutana Arle, kusini mwa Galia, yaani Ufaransa ya leo, na kanuni mbili za huko ndizo zinazojibu swali lako moja kwa moja.

Ya kwanza inahusu mapadre na maaskofu wanaotuhumiwa kukabidhi Maandiko, vyombo vitakatifu au majina ya ndugu zao. Inasema kosa likithibitika kwa kumbukumbu za serikali, na si kwa maneno matupu, mtu huyo aondolewe katika cheo cha ukleri. Kisha inaongeza kwamba ikiwa alikuwa amewapa wengine daraja, na hao wanafaa, daraja lao lisidhurike kwa ajili yake. Hapo kuna mambo mawili ambayo Wadonato waliyachanganya. Adhabu inamfuata mkosaji, haishuki kwa aliyewekewa mikono naye. Na ushahidi lazima uwe wa maandishi, kwa sababu baada ya dhuluma kila mwenye chuki na jirani yake angeweza kumwita msaliti.

Tahadhari hiyo ya pili ilionekana na maana yake upesi. Feliksi wa Aptunga alichunguzwa mbele ya liwali wa Afrika, na ikagundulika kwamba barua iliyotumika kumshtaki ilikuwa imeongezewa maneno na mtu aitwaye Injentio, ambaye mwishowe alikiri. Feliksi alikuwa hana hatia. Hata hivyo Kanisa halikujificha nyuma ya ushindi huo, kwa maana Arle ilikuwa imeshatoa jibu la kanuni: hata kama Feliksi angekuwa na hatia, Sesiliani angebaki askofu.

Kanuni ya pili ya Arle inahusu ubatizo. Mtu akija kutoka uzushini aulizwe imani aliyobatiziwa. Ikionekana alibatizwa kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, awekewe mikono tu. Asipoweza kuujibu Utatu, abatizwe.

Aliyeeleza kwa kina sababu ya hayo ni Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo, karibu miaka 90 baadaye. Alishika Yohane 1:33, pale Mbatizaji anapoambiwa kwamba yule ambaye Roho atashuka na kukaa juu yake, huyo ndiye abatizaye. Akibatiza Petro, Kristo ndiye anayebatiza. Akibatiza Yuda, bado ni Kristo. Kwa hiyo ile hoja ya “asiye nacho hawezi kutoa” inamlenga mtu asiye mwenye mali. Padre ni kama mfereji wa jiwe unaopitisha maji kwenda bustanini: ndani ya jiwe hakuoti kitu, lakini mboga zinanywa. Tena alikumbusha alama waliyochorwa askari wa Kirumi mwilini. Askari akitoroka jeshi, alama haifutiki, na akirudi hachorwi nyingine. Anachohitaji ni msamaha. Hicho ndicho tunachokiita leo alama isiyofutika ya ubatizo, kipaimara na daraja.

Augustino hakusema, hata hivyo, kwamba hakuna tofauti yoyote. Aliyebatizwa katika utengano amepata sakramenti, lakini haimletei faida ya wokovu maadamu ameshikilia chuki dhidi ya Kanisa. Akirudi, kile alichokuwa nacho kinaanza kuzaa matunda. Watu wengi wanapokosea katika jambo hili ni kwa sababu wanauliza swali moja, “ni halali au si halali?”, wakati yapo matatu: sakramenti imetendeka? Aliyeitoa alikuwa na ruhusa? Na aliyeipokea ameipokea kwa moyo gani?

Sasa rudi Sirta. Siku ile ya mwaka 303, shemasi mdogo mwingine aitwaye Silvano alitoa taa ya fedha na kikasha cha fedha, akisema amevikuta nyuma ya mtungi mkubwa. Jina lake likaandikwa. Baadaye Silvano akawa askofu wa Sirta, tena upande wa Wadonato, na alikuwa mmoja wa waliomweka Majorino. Mwaka 320 aligombana na shemasi wake, Nundinario, na huyo akampeleka mbele ya gavana Zenofilo. Kumbukumbu za 303 zikasomwa hadharani, ikathibitika kwamba Silvano alikabidhi.

Pima jambo hilo kwa kipimo cha Wadonato wenyewe. Kama kosa la mwenye kuweka mikono linabatilisha daraja, basi Majorino hakuwa askofu kamwe, na waliopewa daraja naye hawakuwa kitu, na kila mtoto waliyembatiza alibaki mpagani. Kwa fundisho la Arle, daraja hizo zinabaki. Hapo utaona kwamba fundisho la Kanisa liliwalinda Wadonato kuliko fundisho lao lilivyowalinda. Na kweli, walipotaka kurudi hawakupewa daraja upya. Tangu hukumu ya Roma ya 313 lilikuwapo pendekezo kwamba mji wenye maaskofu wawili abaki yule aliyetangulia kuwekwa, na mwenzake apewe jimbo lingine.

Kwa leo, Sheria ya Kanisa (kanuni 845) inakataza kurudia ubatizo, kipaimara na daraja, na kanuni 290 inasema daraja lililopokelewa kihalali halibatiliki kamwe. Kwa hiyo ukisikia padre wa zamani wa parokia yako amefukuzwa upadre kwa kosa kubwa, ubatizo wa mwanao na Misa ulizoshiriki viko palepale.

Ila usivuke mpaka. Kitubio na ndoa vinahitaji, pamoja na daraja, mamlaka maalumu kutoka Kanisani. Padre asiye na mamlaka ya kuungamisha (kanuni 966) hakuondolei dhambi kwa nguvu ya daraja pekee, isipokuwa uko katika hatari ya kufa, ambapo padre yeyote anaweza, hata aliyeondolewa (kanuni 976). Kanisa pia hujazia pengo pale ambapo waamini kwa ujumla wamekosea wakidhani anayo mamlaka hayo (kanuni 144). Kinachokosekana hapo ni ruhusa ya Kanisa, wala si utakatifu wa padre.

Ubatizo nao huharibika kwa mambo mengine kabisa: maji kutotumika, au maneno kubadilishwa. Mwaka 2020 Roma ilijibu kwamba ubatizo uliotolewa kwa kusema “Tunakubatiza” badala ya “Ninakubatiza” ni batili, hata kama padre alikuwa mtu mwema sana. Ukiwa na shaka kuhusu ubatizo wa mtu, usianze kuchunguza maisha ya aliyembatiza. Angalia daftari la ubatizo, muulize msimamizi au aliyekuwapo: maji yalimwagwa kichwani? Maneno gani yalitamkwa? Shaka ikibaki baada ya uchunguzi wa kweli, paroko atabatiza kwa sharti, akianza na maneno “Kama hujabatizwa, ninakubatiza…”